Maradufu na Jedwali Lililojikokota

Chuoni walimwita Maradufu, na jina hilo alilijua. Alijifanya halijui, lakini likitamkwa nyuma yake kwenye ukumbi alijikohoza kidogo kama mtu aliyesifiwa. Lilitokana na neno alilolisema kila muhula, chaki nyekundu mkononi: "Tarakimu sahihi zinaongezeka maradufu, jamani. Maradufu!" Wanafunzi wa ualimu waliomaliza miaka kumi iliyopita walikuwa wamesahau nusu ya hisabati aliyowafundisha, ila hilo hawakulisahau, na wengine walikuwa wakilirudia kwenye shule zao kwa sauti yake ileile.

Alikuwa mtu wa mashati ya mikono mirefu yenye vumbi la chaki kwenye kiwiko cha kulia tu. Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na tangi la maji, na kilikuwa na kiti kimoja cha mgeni ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Hakukitengeneza. Alisema mwanafunzi akikaa vizuri sana haondoki. Utani wake ndio huo, wa kuchoma kidogo, na kwa kuwa mara nyingi ulichekesha, hakuwahi kukaa chini akahesabu aliochomwa.

Njia ya Newton aliipenda tangu ujana. Alipokuwa mwanafunzi mwenyewe, mwalimu wake aliwapa kazi ya kutafuta kipeuo cha pili cha mbili kwa kubahatisha: jaribu moja nukta nne, ndogo, jaribu moja nukta tano, kubwa, rudi katikati, na tena katikati, mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu akawaonyesha njia nyingine. Chukua namba yoyote ya kukisia. Gawanya mbili kwa namba hiyo. Tafuta wastani wa hizo mbili, na wastani huo ndio kisio chako kipya. Anza na 2, unapata 1.5. Anza na 1.5, unapata 1.416667. Kisha 1.414216. Kisha tarakimu kumi na mbili zote ziko sawasawa, na kikokotoo hakina tena pa kuziandika. Kijana yule alitazama ubao akahisi kitu kama mtu aliyesukuma mlango mzito kwa bega zima, kumbe umefunguliwa zamani. Tangu siku ile hakutaka kazi nyingine ila kuwafungulia wengine mlango huo.

Kwa hiyo kila muhula aliicheza upya. Aliandika namba zile upande wa kushoto wa ubao na kupigia mstari mwekundu kila tarakimu iliyokwisha kutulia: moja, halafu tatu, halafu sita, halafu kumi na mbili. Baada ya hapo alieleza, na alieleza vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. "Huu ni mfuatano unaojizaa," alisema. "Kila namba ni mtoto wa ile iliyotangulia, kwa kanuni ileile. Mchoro wa mlinganyo wako umepinda, huwezi kujua unakata wapi mstari wa sifuri. Basi simama pale ulipokisia, weka mstari ulionyooka unaougusa mchoro hapo, teremka nao mpaka sifuri. Hapo ndipo kisio kipya. Thamani gawanya kwa mteremko, toa kwenye kisio. Mfuatano ukitulia mahali, ukawa hausogei tena, maana yake kile unachotoa kimekwisha. Kilichokwisha ni thamani ya mlinganyo. Basi kikomo cha mfuatano ndicho mzizi, hakiwezi kuwa kitu kingine."

Na kasi je? Hapo alishusha sauti, akawafanya wasogeze vichwa. Ukiwa karibu na mzizi, mchoro na mstari ule ulionyooka vinakaribiana mno. Tofauti yake inakwenda na mraba wa umbali uliobaki. Kwa hiyo kosa jipya ni mraba wa kosa la zamani, ukigawanywa kwa kitu fulani. Kosa la sehemu moja ya mia linazaa kosa la karibu sehemu moja ya elfu kumi. Hilo nalo linazaa la milioni mia. "Kosa likijizidisha lenyewe, nalo ni dogo, linajimaliza lenyewe," alisema.

Kulikuwa na sharti moja. Alilitaja kila mara, asije mtu akasema alilificha, lakini alilitaja huku amegeukia ubao, akifuta, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi madogo nyuma ya tiketi: "Ilimradi mteremko kwenye mzizi wenyewe usiwe sifuri." Halafu akageuka na kuendelea na yanayopendeza.

Muhula ule darasa lilikuwa na watu arobaini. Ili wasinakiliane, aliwapa wote mlinganyo mmoja wenye namba tofauti mwishoni: x⁴ − 4x² + c = 0, waanze na 2, watafute mzizi. Wa kwanza kwenye orodha ya mahudhurio alipewa c ya 0.1, wa pili 0.2, hivyo hivyo mpaka wa arobaini, aliyepewa 4. Maradufu alijua kabisa kwamba ukipita nne mchoro wote unainuka juu ya sifuri na mzizi unapotea, na ndiyo maana alifurahi hesabu ya watu ilipoishia hapohapo. Aliona imemkaa sawa. Pale penyewe kwenye nne panatokea nini, hakujiuliza.

Wa arobaini alikuwa Mama Pacha. Aliandikishwa wa mwisho kwa sababu alichelewa kufika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, amekuja kujiendeleza, mwanamke wa makamo kati ya vijana ambao wangeweza kuwa wadogo zake wa mwisho. Aliwaacha pacha wake kwa dada yake. Mkuu wa shule yake alimpa ruhusa ya masomo akamwambia wazi kwamba haitaongezwa. Somo la Maradufu lilikuwa halina mchezo: ukianguka katika kazi za darasani, hufanyi mtihani, unarudia mwaka. Mama Pacha hakuwa na mwaka wa kurudia.

Siku ya kusoma majedwali, kila mmoja alisimama akataja namba zake na Maradufu akaziandika ubaoni na kuzipigia mstari mwekundu. Mambo yalikwenda kama alivyotaka. Waliopewa namba kubwakubwa walianza kwa kusuasua, hata jirani wa Mama Pacha mwenye 3.9 alijikokota mwanzoni, lakini kila mmoja mwishowe alishika kasi na tarakimu zikatulia. Zamu ya mwisho ikafika.

"Mbili," alisoma Mama Pacha. "Moja nukta saba tano. Moja nukta tano tisa nane mbili. Moja nukta tano moja moja tano. Moja nukta nne sita nne nne."

Maradufu alisubiri na chaki nyekundu hewani. Hakukuwa na cha kupigia mstari. Alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama safu ile, akaipa kisogo na kuwageukia vijana.

"Mama Pacha, hii ni njia ya Newton au ni foleni ya kwenye kisima?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye mwenyewe alitabasamu, na kwa kuwa kicheko kilikuwa kitamu, akaongeza.

"Mteremko umeukosea. Au umekaa ukabahatisha ukadhani sitajua."

"Nimeurudia, Mwalimu. Nimeurudia mara nyingi."

"Basi umerudia kosa mara nyingi. Na watoto kule shuleni unawafundisha hivihivi?"

Hapo hata vijana hawakucheka sana. Mama Pacha alikunja karatasi yake, akaikunja tena, mpaka ikawa kitu kidogo cha kushikwa kwa vidole viwili. Maradufu alimwambia alete jedwali jipya Alhamisi, lililo na tarakimu zilizotulia, la sivyo alama yake ni sifuri. Kisha akafuta namba zake kwa mkono mmoja, pasipo kuzitazama.

Alhamisi Mama Pacha alisimama kabla hajaitwa. Alisoma haraka, macho yakiwa kwenye karatasi.

"Mbili. Moja nukta tano. Moja nukta nne moja sita sita sita saba. Moja nukta nne moja nne mbili moja sita. Moja nukta nne moja nne mbili moja nne."

Chaki nyekundu ilikimbia. Tarakimu moja, tatu, sita. Maradufu alipiga mstari wa mwisho kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika, na darasa likapiga makofi.

"Mmeona?" alisema. "Tulimcheka kidogo, leo ametunyamazisha. Aibu kidogo ni dawa, jamani."

Mama Pacha alikaa. Hakucheka wala hakushukuru. Maradufu alidhani ni haya ya mtu mzima akisifiwa.

Jumamosi asubuhi alikuwa nyumbani, mezani, chai mbele yake. Mke wake alikuwa muuguzi, na siku ile alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo alikuwa anapiga pasi sare yake huku akimsikiliza kwa sikio moja kama alivyozoea. Maradufu alimsimulia kisa cha Mama Pacha tangu mwanzo, na foleni ya kisima hakuisahau.

"Ulimwambia hivyo mbele za watu, baba watoto?"

"Nilimtania tu. Na ona matokeo yake! Siku chache tu, jedwali safi."

"Mimi mgonjwa nikimkaripia kwa sababu anasema panamuuma, kesho yake nikimuuliza ananiambia amepona," mke alisema, akigeuza mkono wa sare. "Sasa sijui ninyi huko kwenu."

"Huko kwetu ni namba, mama watoto. Namba haziogopi mtu. Sikiliza alivyosoma: moja nukta tano. Moja nukta nne moja sita sita sita saba. Moja nukta nne moja nne mbili moja sita..."

Akaweka kikombe chini. Hakuwa na karatasi mbele yake. Hakuwa na kumbukumbu nzuri ya namba za wanafunzi, hajawahi kuwa nayo, na hapa ulimi ulikuwa unatangulia wenyewe. Zilikuwa namba zake. Zile za kipeuo cha pili cha mbili, alizoziandika upande wa kushoto wa ubao kila muhula wa maisha yake.

Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira. Mwanamke mzima, mwalimu, ananakili ubao na kunisomea usoni! Na mimi nikazipigia mistari, nikavunja na chaki. Alivuta bahasha iliyokuwa imewekwa bili ya umeme, akaigeuza upande wa nyuma, akaanza kukokotoa ili amkamate sawasawa. Weka 2 kwenye mlinganyo wenye nne: kumi na sita, toa kumi na sita, jumlisha nne. Nne. Mteremko hapo: thelathini na mbili toa kumi na sita. Kumi na sita. Nne gawanya kwa kumi na sita, robo. Mbili toa robo.

Moja nukta saba tano.

Aliitazama namba ile. Aliendelea, sasa bila haraka. 1.5982. 1.5115. 1.4644. Kila moja aliikumbuka kadiri ilivyotoka, kwa sauti ya Mama Pacha, na baada ya kila moja alikumbuka pia kile kicheko.

Hakuhitaji kukokotoa zaidi. x⁴ − 4x² + 4 ni x² toa mbili, yote kwa mraba. Mtoto wa kidato cha pili angeona. Mchoro wake haukati mstari wa sifuri. Unashuka, unaugusa kwenye kipeuo cha pili cha mbili, unapanda tena. Na pale unapogusa, umelala chali, mteremko wake ni sifuri. Ndilo lile sharti alilolisema akifuta ubao. Thamani inakwisha na mteremko nao unakwisha, vinakimbizana, na kosa halipati nafasi ya kujizidisha: linakatwa nusu tu kila hatua. 0.5858 ikawa 0.3358, ikawa 0.1840, ikawa 0.0973. Nusu, nusu, nusu. Jedwali lilijikokota kwa sababu lilikuwa sahihi.

"Vipi?" mke aliuliza. "Chai imepoa."

"Alikuwa amepatia," alisema Maradufu.

"Nani?"

"Nilimcheka alipopatia, na nikampigia makofi alipodanganya."

Mke wake alisimamisha pasi. Alimtazama mume wake, aliyekuwa ameuficha uso nyuma ya bahasha ya umeme kama mtoto. Alichomoa pasi ukutani.

Aibu ina tabia ya kuja kwa mafungu. Asubuhi ile Maradufu aliaibika kwa ajili ya mlinganyo. Mchana aliaibika kwa ajili ya "watoto kule shuleni". Jioni, wakati wa kuoga, alikumbuka "aibu kidogo ni dawa" na masikio yakamwaka moto chini ya maji baridi. Alijiona mbele ya darasa lile akizungusha chaki, amejaa furaha ya mjinga. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko yote. Alianza kutafuta mlango wa nyuma.

Na aliupata. Kwa mzizi wa namna ile, mzizi uliojirudia mara mbili, dawa yake inajulikana: hatua inayotolewa uizidishe kwa mbili, na kasi inarudi. Alijaribu. Mbili toa robo mara mbili: 1.5. Hatua iliyofuata: 1.416667. Ndizo zilezile! Ukiizidisha hatua kwa mbili, mlinganyo wa Mama Pacha unageuka kuwa kanuni ya kipeuo cha pili cha mbili, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. Jedwali alilonakili lilikuwa, kwa bahati tupu, jedwali halali la mtu mjuzi. Angeweza kusimama Jumatatu na kusema: mwenzenu aligundua hatua maradufu. Naye angeinuka, mwalimu angeinuka, na hata jina lake la utani lingepata heshima mpya. Nani angejua?

Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi, alimwita ofisini. Mama Pacha alikuja na mkoba wake kifuani, akakaa kwenye kiti kile cha mguu mfupi, na kiti kikamwinamisha upande. Maradufu aliona hilo kwa mara ya kwanza.

"Mama Pacha, kuhusu lile jedwali la Alhamisi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimelichunguza." Alikohoa. "Hatua ulizidisha kwa mbili, sivyo? Uliona mzizi umejirudia, ukazidisha kwa mbili. Ndivyo ulivyofanya?"

Alimwekea maneno mdomoni, kilichobaki ilikuwa kuyameza. Mama Pacha alimtazama. Alikuwa mwalimu, miaka yote alikuwa amewaona watoto wakiongozwa kwenye jibu, na alilijua swali la namna hiyo.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Sijui hata hilo la kuzidisha kwa mbili ni nini. Nilinakili ubao wako. Niliona namba zangu zinaelekea moja nukta nne moja nne, nikaona zako zinafika huko upesi, nikaziandika."

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Ungesema nimerudia kosa."

Nje, mtu alikuwa anajaza ndoo kwenye tangi na maji yalipiga kelele. Maradufu alishukuru ile kelele.

"Yale majibu ya kwanza yalikuwa sahihi," alisema. "Yote. Kosa ni langu, mlinganyo niliokupa ni wa namna nyingine, hauwezi kwenda mbio."

Mama Pacha hakufurahi kama Maradufu alivyotazamia. Uso ulimshuka zaidi.

"Nilikuwa nimepatia?"

"Ulikuwa umepatia."

"Na mimi nikayachana." Alitazama mikono yake. "Niliyakokotoa mpaka nikayajua kwa moyo, halafu nikayachana nikaandika uongo. Mwalimu, mtoto akinifanyia hivyo mimi darasani, namwita mwizi."

"Mwizi ni mimi, Mama Pacha," alisema Maradufu, na yalimtoka kwa shida, kwa sababu alikuwa hajazoea kusema maneno ya namna hiyo bila kuyatia utani. "Nisamehe. Na hili swali nililokuuliza sasa hivi, nisamehe hilo zaidi."

Mama Pacha alimwelewa. Alitikisa kichwa kidogo, akainuka na mkoba wake.

Kipindi kilianza kwa makelele ya viti. Maradufu aliandika ubaoni mlinganyo wenye nne, na chini yake akaandika lile sharti kwa herufi kubwa, upande ambao kila mtu angeuona. Akawaeleza bila kuzungukazunguka: mzizi unaoguswa badala ya kukatwa, mteremko unaokufa pamoja na thamani, kosa linalokatwa nusu badala ya kujizidisha. Akasema jedwali la kwanza la Mama Pacha lilikuwa sahihi tangu juu mpaka chini, na kwamba aliyebahatisha ni yeye, aliyegawa namba bila kuzitazama. Akasema kicheko kile alikianzisha yeye na anakiomba radhi. Vijana hawakujua watazame wapi. Ni vigumu kumtazama mwalimu anapoomba radhi. Ni kama kumkuta bila viatu.

Kisha kijana mmoja wa mbele, mwenye 0.7, ambaye siku zote alipatia, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kama la kwanza ndilo sahihi, lile la pili lilitoka wapi? Ulilipigia mistari myekundu."

Swali lilikuwa la haki kabisa. Maradufu aliona mlango wa nyuma uko wazi bado: hatua maradufu, neno moja tu, na kijana huyo angeandika na kuridhika. Alimwona Mama Pacha akishika ukingo wa meza, tayari kusimama.

"Lilitoka kwangu," alisema haraka, asimwache atangulie. "Angalieni kumbukumbu zenu za wiki ya pili, kwenye kipeuo cha pili cha mbili, ni namba zangu zilezile. Nilimfedhehesha mtu kwa jibu la kweli na kumwambia asirudi bila lile ninalolipenda. Akaniletea. Sikuyajua hata maandishi yangu mwenyewe, nilikuwa nashangilia."

Mama Pacha alisimama hata hivyo.

"Nilinakili," aliwaambia wenzake. "Hakunishikia kalamu. Nilinakili mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa mbele aliteremsha mkono wake taratibu, kama aliyegundua kwamba ameushika mkono wa mtu mwingine.

"Alama itakuwa ya jedwali la kwanza," Maradufu alisema. "Na taarifa ya kosa la mlinganyo nimeiandikia idara asubuhi hii, jina ni langu. Ila jedwali lenyewe nililifuta. Mama Pacha, kama bado unalijua kwa moyo, tafadhali tusomee."

Alisita. Kisha akasoma, bila karatasi, polepole, na Maradufu akaandika.

"Mbili. Moja nukta saba tano. Moja nukta tano tisa nane mbili. Moja nukta tano moja moja tano. Moja nukta nne sita nne nne." Hapa ndipo alipokatizwa siku ile, na hapa macho yakamwendea yule mwanamume mwenye chaki.

"Endelea," alisema Maradufu.

"Moja nukta nne tatu tisa nane. Moja nukta nne mbili saba moja. Moja nukta nne mbili sifuri saba."

Safu ilirefuka mpaka ikafika chini ya ubao, na ikabidi Maradufu apige goti kuandika. Vumbi la chaki lilimwangukia kwenye suruali. Mfuatano ulikuwa unakwenda unakokwenda, kwa mwendo wake, na ungefika. Chaki nyekundu ilikuwa mfukoni mwake na hakuigusa. Alibaki amepiga goti, kisogo chake kwa darasa, akingoja namba inayofuata, na alishukuru kwamba zilikuwa bado nyingi.